Haina Neno

Mtu wa Kasongo ana jibu moja linalofunga mazungumzo yoyote: "Haina neno." Umemkanyaga mguu sokoni, haina neno. Umechelewa kulipa deni la mchele, haina neno. Jibu hilo ni la heshima na linaepusha mengi, lakini likitoka kinywani mwa mke au mume ambaye mwaka jana alikuwa hanyamazi, sikiliza vizuri. Huenda anasema jambo limekwisha na moyo umepoa. Huenda pia anasema maneno yamemwishia, na jambo liko palepale.

Wanaume huwa wanachagua maana ya kwanza. Kaa jioni kwenye barza yoyote kati ya Kasongo na Wamaza, utamsikia mmoja akijisifu: bibi yake siku hizi ametulia, amekua, ameacha kelele. Wenzake wanampongeza. Hakuna anayemuuliza alitulia lini, na baada ya nini. Kwa maoni yangu maswali hayo mawili yana thamani kuliko mengine yote katika sura hii, basi tuanze nayo.

Nitatumia nyumba mbili. Nimezitunga kutokana na mambo ya kawaida ya huku, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni za nani.

Katika nyumba ya kwanza, bwana anachimba dhahabu upande wa Salamabila, karibu na Namoya. Anarudi Wamaza kila baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine na fedha, wakati mwingine na malaria tu. Kila akirudi kulikuwa na ugomvi wa aina moja: akipata, wa kwanza kula ni ndugu zake. Bibi alikuwa akihesabu mbele yake, kidole kwa kidole, nani amepewa nini. Halafu mtoto wa kwanza akaingia sekondari. Shule za msingi za serikali zilitangazwa bure tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa, na mtoto asiyelipiwa anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Bibi aliomba karo mara tatu. Bwana aliahidi mara tatu. Safari iliyofuata alirudi na pikipiki ya mdogo wake, wakaisherehekea. Bibi aliwapikia wageni wali na kuku, akawahudumia vizuri, na usiku hakusema kitu. Tangu siku ile hajagombana tena.

Katika nyumba ya pili ugomvi ulikuwa juu ya mama mkwe aliyekuwa akichota mawese na unga bila kuuliza. Ulidumu miaka miwili na majirani waliuzoea. Mwishowe wakaketi: bwana, bibi, shangazi wa bwana na kaka wa bibi. Ikakubaliwa kwamba mama atakuwa na chupa yake ya mawese, atajaziwa kila siku ya soko, na hatagusa ya nyumbani. Bwana mwenyewe ndiye aliyempelekea mama habari hiyo, hakumtuma bibi. Ugomvi ukaisha.

Ukipita nje, nyumba hizi mbili zina ukimya uleule. Lakini wa pili ulikuja baada ya jambo kutengenezwa, na wa kwanza ulikuja baada ya ombi kufa. Mtu anayeishi na mtulivu wa ghafla anaweza kurudisha kumbukumbu nyuma hadi siku ya ugomvi wa mwisho na kujiuliza: siku ile alipata alichokuwa anakitaka, hata nusu yake? Kama hakupata chochote, na hakuna mtu aliyeketi naye, amani hiyo imetoka wapi?

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa njia ya kitaaluma, na wa kwanza wao hakuwa akifikiria ndoa hata kidogo. Mchumi Albert Hirschman alitoa kitabu mwaka 1970 kilichoanza na swali la reli ya Nijeria. Reli ile ilifanya kazi vibaya, na wateja wake wakubwa hawakupiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu malori yalikuwepo. Mwenye mzigo aliyechoshwa na reli aliupeleka kwenye lori, na reli ikabaki na wale wasio na sauti. Hirschman aliona kwamba malalamiko ni kazi, na mtu anaifanya kazi hiyo anapoamini kwamba kitu kinaweza kubadilika, au pale asipokuwa na njia nyingine. Sisi wa Maniema tunaoijua reli ya Kindu na Kongolo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Siku hizi ukimwona mtu anaigombeza reli, ujue bado ana mpango wa kupanda.

Mwaka 1982 mwanasaikolojia Karyl Rusbult na wenzake walilichukua wazo hilo wakaliingiza katika mapenzi. Walisema mtu aliyeudhika na mwenzake anaweza kuondoka, anaweza kusema, anaweza kungoja kwa matumaini, au anaweza kuacha mambo yaharibike yenyewe. Njia mbili za mwanzo zinaonekana na kusikika. Mbili za mwisho ni kimya zote. Anayengoja ananyamaza, na aliyeacha ananyamaza vilevile.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: kati ya mwenye amani na aliyekata tamaa yupo wa tatu, anayengoja. Huyu hajatulia, na hajaondoka pia. Anakupa muda. Pengine hata hajui ni muda gani, lakini una mwisho. Bibi wa mchimbaji wetu, miezi ya mwanzo baada ya ile pikipiki, nadhani alikuwa katika hali hii. Bado alikuwa akimtuma mtoto kumsalimu baba kwa simu. Bado aliuliza, "Utafika lini?" Kungoja kulipoisha, kuliisha bila kengele.

Namna ya kuwatenganisha hawa watatu haipatikani kwa kuhesabu ugomvi, kwa sababu wote hawagombani. Angalia maombi madogo. Mtu mwenye amani bado anakudai. Katika nyumba ya mawese, bibi anasema, "Leo umesahau chumvi." Anasema, "Nishikie mtoto." Anasema, "Njoo uone nyoka huyu!" Ni sauti ya chini, lakini ni ya mtu anayetegemea kwamba utaitika. Aliyekata tamaa haombi. Chumvi anainunua mwenyewe. Akiugua usiku anamwamsha mtoto mkubwa, hakuamshi wewe. Katika nyumba ya mchimbaji, mvua za pili bibi aliuza mpunga wake, akalipa karo, na bwana aliijua habari hiyo kutoka kwa mtoto. Alifurahi: mke mwenye akili, anajitegemea. Hakujiuliza kwa nini hakuambiwa.

John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyewarekodi wanandoa kwa miaka mingi kule Seattle, aliyapa uzito mkubwa haya mambo madogo: mtu anapomwita mwenzake atazame kitu, anaitikiwa au anaachwa hewani? Yeye na Robert Levenson waliwafuatilia wanandoa 79 kwa miaka 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Walioachana mapema, kwa wastani miaka 5.6 baada ya harusi, walikuwa wale wa moto, wa kushambuliana waziwazi. Walioachana baadaye, kwa wastani miaka 16.2, walikuwa na tabia nyingine. Kilichowatambulisha ni ukosefu wa mambo mazuri: hawakucheka pamoja, hawakuulizana, hawakutaniana. Ukiingia nyumbani mwao usingesikia ugomvi, ungesikia vijiko. Wale walikuwa Wamarekani, na siwezi kukuambia kwamba miaka ile inahesabika vivyo hivyo Kabambare, ambako ndoa ina mahari, ukoo na vita ndani yake. Lakini njia mbili za kufa kwa ndoa, ya kelele na ya ubaridi, nadhani kila mzee wa huku amezishuhudia.

Kuna alama nyingine ambayo mtafiti wa Seattle asingeweza kuiona, nayo iko shambani. Karanga zinavunwa baada ya miezi mitatu au minne, mpunga wa mlimani minne au mitano. Muhogo unataka mwaka na zaidi. Mchikichi unataka miaka mitatu au minne kabla haujakupa mkungu wa maana. Mwanamke anayepanda muhogo katika shamba la mumewe ametoa jibu kuhusu mwaka kesho. Anapoanza kupanda karanga tu, akaacha muhogo, na muhogo mpya ukaota kwa kaka yake, hilo nalo ni jibu. Usikimbilie kuhukumu: huenda muhogo umeshikwa na ugonjwa wa majani, huenda njia ya shamba si salama, na katika teritwari ya Kabambare sababu hiyo ya pili si ya kubuni. Muulize kwanza. Lakini mali ya mtu huhama kabla ya mtu mwenyewe. Tazama pia fungu lake la likelemba anapolipokea. Likigeuka bati la nyumba yenu, ni jambo moja. Likigeuka mbuzi anayefugwa kwa mama yake, ni jingine.

Kwa mwanamume alama hubadilika sura. Wanaume wengi hunyamaza katikati ya ugomvi kwa sababu mwili umewazidi: moyo unakwenda mbio, masikio yanafunga, na mtu anaona heri atoke. Gottman alipendekeza mapumziko ya dakika 20 angalau, ili damu itulie, halafu warudi kwenye mazungumzo. Mume anayetoka kwenda barzani na baadaye akarudi akasema, "Haya, tulikuwa tunasema nini?" hajakata tamaa, anajizuia. Wa kuogopewa ni yule ambaye kwanza alikuwa anatoka, baadaye akawa harudi kwenye mazungumzo, na sasa hata hatoki, kwa sababu hakuna kinachomgusa. Unamwambia mtoto amefukuzwa shule, anasema haina neno. Unamwambia umepata kazi Kindu na utahama, haina neno vilevile. Mtu mwenye amani ana rangi mbalimbali za jibu. Huyu amebaki na moja.

Kabla ya kumhukumu mwenzako ondoa mambo mawili yanayofanana na kukata tamaa. La kwanza ni ugonjwa wa huzuni. Huku watu wamezika, wamekimbia, wamerudi wakakuta nyumba imeungua. Angalia ukimya unaenda umbali gani. Kama amenyamaza kwako, kwa dada zake, kwa watoto, hali vizuri, halali, hata kusuka nywele ameacha, basi tatizo huenda si ndoa. Anahitaji daktari na watu wa kukaa naye. Lakini kama anacheka kisimani na likelemba inamtegemea kwa hadithi, halafu akiingia uani sauti inakufa, ukimya huo una anwani.

La pili ni hofu, na hapa nasema na wanaume zaidi. Mke aliyepigwa, au aliyeona meza ikipinduliwa mara mbili, hujifunza haraka kunyamaza. Hajatulia wala hajakata tamaa, anapima hatua zake. Utamjua kwa watoto: ukikohoa nje ya mlango, nao wananyamaza, na mchezo unahamia nyuma ya nyumba. Mwanamume akiona hivyo, maswali mengine yote ya sura hii yasubiri. Na mwanamke anayesoma haya akajiona humo, zoezi linalofuata si lake. Asilijaribu akiwa peke yake ndani na mtu huyo. Ampate kwanza mtu wa kwao.

Sasa, unajuaje kwa hakika? Swali ambalo kila mtu analiuliza ni, "Una hasira na mimi?" Na jibu unalijua. Swali hilo linaombea haina neno. Aliyechoka kusema hawezi kuanza upya kwa sababu tu umeuliza, maana kwake kusema kumeshindwa tayari. Kazi ya kuleta jambo ni yako. Tumfuate mchimbaji wetu. Tuseme amerudi, na safari hii amesikia habari ya karo na amekaa nayo njia nzima kutoka Salamabila. Asianze na jumla, "Nisamehe kama nimekukosea," kwa sababu neno "kama" linaonyesha hajui. Ataje kitu chenyewe na tarehe yake: "Uliniomba karo mara tatu. Nikanunua pikipiki. Ukalipa peke yako, hukuniambia, na mimi nilifurahi badala ya kuona aibu." Halafu anyamaze. Asijitetee, asitoe fedha palepale kama mtu anayelipa faini.

Majibu yanayokuja ndiyo kipimo. Mwenye amani atashangaa kidogo, atacheka, atasema lilikwisha zamani, na ataweza kukusimulia lilikwisha vipi. Anayengoja atakasirika. Atakuambia si mara tatu, ni mara nne. Ataleta na mambo ya mwaka juzi, ya kaka yako, ya mbuzi, atalia. Mwanamume asiyejua ataona ameharibu, ametonesha kidonda. La hasha. Hasira ile inakuja kwa sababu bado anaona inafaa kukusahihisha hesabu. Aliyeondoka moyoni atakuwa mpole. Atasema, "Asante kwa kusema," au "Haina neno, baba watoto," atainuka kuangalia sufuria ya sombe, na kesho hakuna kitakachokuwa kimebadilika, hata kwa ubaya. Upole huo ndio wa kuuogopa.

Usipime mara moja. Mtu aliyeahidiwa mara tatu hawezi kuamini sauti ya jioni moja, na huenda upole wake wa leo ni tahadhari. Fanya jambo lililoombwa zamani bila kuombwa upya, na ulifanye kwa msimu mzima: karo ya muhula huu na ule ujao, kabla ya ndugu. Kisha leta maamuzi ya kweli mezani, ya kesho. Mtoto asomee Kasongo mjini kwa shangazi, au abaki Wamaza? Tubadilishe bati au tuongeze chumba? Asikilizwe kweli, na akikataa akubaliwe. Mtu aliye ndani ya ndoa ana maoni juu ya chumba atakacholala. Akijibu "kama unavyotaka" kwa kila swali, miezi mitatu, minne, na maombi madogo hayajarudi hata moja, usiendelee kujidanganya.

Hapo ndipo watu huwaendea wazee, na wazee wetu wana udhaifu mmoja. Baraza la familia limezoea kelele. Wakifika wanauliza: Anakupiga? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Mnagombana? Hapana, hatujagombana mwaka mzima. Basi, mwanangu, rudi nyumbani, una bahati. Hata Kanuni ya Familia ya Kongo, ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inamwelekeza hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha wanaotaka talaka. Lakini mlango wa mahakama ya amani hubishwa na mtu ambaye ameshaamua, na mara nyingi huyo ni yule mkimya.

Kwa Waislamu, ambao Kasongo ni wengi tangu siku za misafara ya karne ya 19, sheria imeona mbali zaidi. Watu wanaikumbuka aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, inayoagiza mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Wanaisahau aya ya 128 ya sura hiyohiyo, inayomzungumzia mwanamke anayehofia mumewe kumpa mgongo, na kuwaruhusu watafute suluhu. Kupewa mgongo kumetajwa kama jambo la kutafutiwa suluhu, hata kama hakuna tusi lililosikika. Na katika Sura Al-Baqara, mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amewekewa miezi minne, baada ya hapo arudi au aachane. Aya hiyo ni ya kiapo, haihusu kila ukimya, lakini inaonyesha kwamba hata kumngoja mwenzako kumewekewa ukomo.

Kwa hiyo ukiwaendea wazee, usiwaambie kwamba mna matatizo ya ugomvi. Watakuangalia na kucheka. Usiseme pia kwamba mwenzako amebadilika, kwa sababu kila mtu amebadilika. Waambie hivi: "Amelipa karo bila kuniambia. Muhogo ameupanda kwa kaka yake. Ana mwaka hajaniomba chumvi." Na umtake mzee mmoja wa kike aende kumsikiliza peke yake, shambani, wewe usiwepo.